Kuharisha maji kama ya mchele: kunywa kuanze nyumbani, safari isicheleweshwe

Katika vijiji na miji yetu ya ukingo wa maziwa, kuanzia Goma na Minova hadi Uvira, Baraka na Kalemie, neno kolera si geni. Kila mwaka, mvua zikinyesha na maji machafu yakishuka ziwani, au watu wakikimbia vita na kujazana mahali pasipo vyoo, tunasikia tena habari zake. Hata hivyo bado tunazika watu ambao wangeweza kupona. Mara nyingi familia iliona ugonjwa na ilimpenda mgonjwa wake, lakini haikujua jinsi saa zilivyokuwa zinakwenda haraka, wala haikujua la kufanya kabla ya kufika kwa muuguzi.

Leo tunataka kueleza jambo moja tu: namna ya kutambua kuharisha kunakokausha mwili kwa haraka, na namna ya kumrudishia mgonjwa maji tangu nyumbani, njiani, hadi anapopokelewa kwenye kituo cha afya.

Kinachoua ni ukavu

Kijidudu cha kolera huingia kwa kinywa, katika maji au chakula kilichoguswa na kinyesi cha mgonjwa. Kikifika kwenye utumbo mwembamba hakiukati wala hakiutoboi. Kinatoa sumu ambayo inafanya utumbo uachilie maji na chumvi za mwili bila kizuizi, kama robine iliyovunjika. Maji hayo yanatoka katika damu yenyewe. Mtu mzima aliyeshikwa vikali anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa moja.

Ndiyo maana kinyesi cha mgonjwa hubadilika haraka. Mara ya kwanza au ya pili kinaweza kuwa cha rangi ya kawaida. Baadaye yanabaki maji matupu, meupe-meupe, yenye vipande vidogo vya ute vinavyoelea, kama maji uliyooshea mchele. Harufu yake si ile ya choo cha kila siku. Wengi huifananisha na shombo la samaki. Kwa kawaida hakuna damu, hakuna homa kali, na tumbo haliumi sana. Hapo ndipo watu hudanganyika. Wanasema, "Haumwi tumbo, hana homa, ni chakula tu kimemkataa." Kumbe mwili unamwagika.

Pamoja na kuharisha, mgonjwa hutapika. Matapiko yanatoka yenyewe kama maji, bila kujikaza sana. Kisha misuli ya miguu na ya tumbo inaanza kukazana kwa maumivu, kwa sababu chumvi za mwili zimepungua.

Mtu aliyeanza kuharisha hivyo jioni akiwa na nguvu zake anaweza kuwa amekufa kabla ya mchana wa siku ya pili. Bila matibabu, karibu nusu ya wale wanaoshikwa vikali hufa. Wakirudishiwa maji mapema na ipasavyo, hafi hata mmoja kati ya 100. Tofauti hiyo kubwa inatokana hasa na maji yenye chumvi na sukari. Dawa nyingine zote zinakuja baada yake.

Ishara za kutazama

Huhitaji chombo chochote ili kujua kama mgonjwa anakauka. Tumia macho na vidole vyako.

Tazama uso: macho yameingia ndani? Mdomo na ulimi ni mikavu? Mtoto analia bila machozi? Muulize mara ya mwisho alikojoa saa ngapi. Mtu asiyekojoa kwa saa 6 amekwisha kupoteza maji mengi. Kisha bana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, uiinue kidogo, uiachilie. Kwa mtu mwenye maji mwilini inarudi papo hapo. Kwa aliyekauka inarudi polepole, na kwa aliyekauka sana inabaki imesimama kama mkunjo wa kitambaa kwa zaidi ya sekunde 2. Kwa wazee na kwa watu waliokonda sana, ngozi inaweza kurudi polepole hata wakiwa wazima, kwa hiyo usitegemee alama hiyo peke yake.

Katika hatua hii ya kwanza mgonjwa ana kiu, hatulii, anakunywa kwa pupa. Kiu hiyo ni nafasi ya kumsaidia, maana bado anaweza kunywa.

Hatua ya pili ni ya hatari kubwa. Mikono na miguu inakuwa baridi. Ngozi ya vidole inajikunja kama ya mama aliyefua nguo mchana kutwa. Sauti inafifia. Ukigusa mshipa wa kiganjani unausikia kwa shida, au huusikii kabisa. Mgonjwa hawezi kukaa, hataki tena kunywa, anasinzia. Familia iliyochoka kwa kukesha huona usingizi huo ikasema, "Tumshukuru Mungu, sasa anapumzika." Wapendwa, huko si kupumzika. Damu imekuwa kidogo mno kufika kichwani. Vivyo hivyo, kuharisha kukikatika ghafula huku mgonjwa akiwa baridi na mlegevu, msifurahi. Inawezekana hakuna tena maji ya kutoka.

Kwa mtoto mambo huenda mbio zaidi. Mtoto wa kilo 8 akipoteza maji ya vikombe vitatu hivi, ameshapoteza sehemu ya kumi ya uzito wake, na hiyo ni hatari ya kifo. Kwa mtoto mchanga tazama pia utosi, kama umebonyea.

Huna haja ya kungoja mtu akuhakikishie kwamba ni kolera. Kuharisha kwa maji matupu pamoja na udhaifu wa haraka kunashughulikiwa kwa namna ileile, hata maabara ikisema baadaye kwamba ni kijidudu kingine. Na mtu mzima anayekauka hivyo kwa saa chache katika eneo letu, mhesabu kuwa ni kolera mpaka ithibitike vinginevyo.

Kwa nini maji ya chumvi na sukari yanafanya kazi

Watu wengi huuliza: ikiwa anaharisha kila anachokunywa, kwa nini kumnywesha? Jibu ni kwamba sumu ya kolera inafungua mlango wa kutoa maji, lakini haifungi mlango mmoja wa kuyaingiza. Katika ukuta wa utumbo kuna mahali ambapo sukari na chumvi huingia mwilini pamoja, zikishikana kama watu wawili wavukao daraja, na maji huzifuata. Mlango huo unaendelea kufanya kazi hata kolera ikiwa kali. Maji matupu hayapiti hapo vizuri, na chumvi peke yake haipiti vizuri. Zote tatu zikiwa pamoja kwa kipimo sawa, zinaingia.

Jambo hilo lilionekana wazi mwaka 1971. Wakati wa vita vilivyozaa nchi ya Bangladesh, wakimbizi kwa mamilioni waliingia India, na kolera ikazuka makambini. Katika kambi moja ya Bangaon, daktari Dilip Mahalanabis aliona seromu za mishipa zinamalizika huku wagonjwa wakilala chini kila mahali. Akaamua kuchanganya chumvi na sukari katika maji safi, na ndugu za wagonjwa wenyewe wakawanywesha kwa vikombe. Kabla ya hapo walikuwa wanakufa karibu 30 kati ya 100. Kati ya wale waliotibiwa naye, vifo vilishuka hadi chini ya 4 kati ya 100. Walionyweshwa na mama, dada na wajomba zao ndio waliopona.

Sisi pia tunayo kumbukumbu yetu. Julai 1994, wakimbizi walipomiminika Goma kutoka Rwanda na kukaa juu ya mawe ya volkano pasipo vyoo wala maji, karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kolera na kuharisha kwingine. Wengi walikauka kabla mtu yeyote hajawafikishia maji ya kunywa yenye chumvi.

Namna ya kuchanganya

Kilicho bora ni pakiti ya SRO, ile unga inayopatikana kwenye kituo cha afya, farmasi, au kwa releko, yaani mjumbe wa afya wa mtaa. Soma kwanza maandishi ya pakiti. Nyingi ni za lita 1, lakini ziko ndogo za maji pungufu. Kwa pakiti ya lita 1 mimina unga wote katika lita 1 ya maji safi, ukoroge. Ukiwa na chupa ya maji ya lita moja na nusu, jaza theluthi mbili. Usigawe pakiti nusu-nusu kwa kukadiria, usiongeze sukari, usichanganye na Fanta au maziwa, wala usichemshe baada ya kuchanganya. Yaliyobaki baada ya saa 24, yamwage.

Kama hamna SRO, tengeneza ya nyumbani: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko ni vile vya kukorogea chai, vilivyosawazishwa juu, si vya kilima. Onja kwanza. Ladha isizidi chumvi ya machozi. Ikizidi, mwaga uanze upya, maana chumvi nyingi inaweza kumdhuru mgonjwa, hasa mtoto. Sukari nyingi nayo huvuta maji zaidi utumboni na kuongeza kuharisha. Hiyo ndiyo sababu Fanta na juisi tamu hazifai. Mchanganyiko wa nyumbani hauna chumvi zote zilizo katika pakiti, kwa hiyo ni wa kuvukia tu hadi SRO ipatikane.

Maji yawe yamechemshwa au yametiwa dawa ya klorini. Lakini mgonjwa anapokauka, usikae saa nzima ukingoja sufuria ipoe ilhali hajanywa kitu. Anza na maji salama kuliko yote yaliyopo nyumbani, huku mengine yakichemka.

Namna ya kunywesha

Mtu mzima mwenye kiu, mpe anywe kadiri anavyotaka. Kipimo rahisi ni gobele moja kila robo saa, na gobele moja au zaidi kila baada ya kuharisha. Mtoto wa miaka 2 hadi 10 apewe nusu gobele au gobele moja ndogo kila baada ya kuharisha. Mdogo chini ya hapo apewe robo hadi nusu ya gobele kwa kijiko. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya, mara nyingi kuliko kawaida.

Atatapika. Hapo ndipo familia nyingi huacha. Mkiona ametapika, ngojeni dakika 10, kisha anzeni tena polepole: kijiko kimoja, pumzika dakika moja, kijiko kingine. Anayetapika bado anabakiza sehemu kubwa ya alichokunywa. Tena, mgonjwa akinywa vizuri, huenda kuharisha kukaonekana kuongezeka. SRO haikuletwa ili kukausha choo. Kazi yake ni kujaza kinachotoka. Tazama mkojo, macho na nguvu zake, usihesabu choo tu.

Kuna mgonjwa mmoja ambaye hatunyweshi: aliyepoteza fahamu au asiyeweza kumeza. Maji yataingia mapafuni. Huyo alazwe kwa ubavu, matapiko yasimkabe, na apelekwe bila kungoja dakika moja.

Msimpe dawa za kufunga choo zinazouzwa dukani. Msimwingizie dawa za majani kwa njia ya haja kubwa. Zinamwongezea kupoteza maji. Msimnyime kunywa "ili tumbo likauke". Dawa za kuua kijidudu zipo, lakini ni muuguzi anayezitoa, na haziwezi kumwokoa mtu asiyerudishiwa maji.

Tuhesabu pamoja mfano mmoja

Tuchukue mfano wa familia moja katika kijiji cha ukingo wa ziwa Tanganyika, upande wa Fizi. Baba ni mvuvi, ana kilo 60. Kituo kinachotibu kolera kiko mwendo wa saa moja na nusu kwa pikipiki, na kwa sababu ya usalama hakuna anayethubutu kupita barabarani kabla ya alfajiri.

Saa tano za usiku baba anaanza kuharisha. Mkewe anadhani ni samaki wa jioni. Kufikia saa tisa za usiku ameenda choo mara nane na kutapika mara tatu, miguu inakazana. Mama anamwita jirani, mama mzee ambaye ni releko. Yeye anaingia na tochi, anatazama ndoo kwanza.

"Mama, haya maji yameanza kuwa meupe saa ngapi?"

"Tangu mara ya tatu, mama mkubwa."

"Amekojoa?"

"Sijamwona akikojoa tangu alipoanza."

Anabana ngozi ya tumbo, inarudi polepole. Anashika kiganja, mshipa bado unasikika. Baba anasema ana kiu. "Basi shemeji, tutakunywa mpaka kupambazuke," anamwambia. "Na wewe mama, tuma kijana akaamshe mtu wa pikipiki awe tayari."

Kwa kukadiria, baba amekwisha kupoteza lita 4. Kwa mtu wa kilo 60 huo ni ukavu wa wazi, bado si wa mwisho. Mpaka wa hatari kubwa kwake uko karibu na lita 6, yaani sehemu ya kumi ya uzito wake.

Kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja na nusu ni saa mbili na nusu. Bado anaharisha, na anapoteza lita 2 nyingine. Lakini wanamnywesha gobele kila robo saa, jumla lita 2 na nusu, anatapika kama nusu lita, zinabaki lita 2. Kwa hiyo kunapokucha bado amepungukiwa lita 4 zilezile. Hajapona, ila hajazidi kushuka.

Kunapopambazuka wanaondoka. Dereva mbele, baba katikati, mdogo wake nyuma akimshikilia, na amemfunga kwa kitenge ili asianguke. Wamebeba bidoni ya lita 5 iliyochanganywa pakiti 5, gobele, na mfuko wa plastiki wa kutapikia. Kila baada ya dakika 10 hadi 15 dereva anasimama, baba anakunywa. Njiani anapoteza lita 1, anakunywa lita 1. Anafika akiwa amelegea lakini anajibu akiulizwa jina lake, na mshipa unasikika.

Sasa tuhesabu kama wangengoja bila kumnywesha. Lita 4 za usiku, 2 za kungoja kupambazuke, na 1 ya njiani: lita 7. Angevuka mpaka ule wa lita 6 akiwa juu ya pikipiki. Safari ni ileile na saa ni zilezile. Lita tatu alizobakiza tumboni ndizo zilizomfikisha.

Kwa nini tusingoje nyumbani basi?

Mtu anaweza kusema: kama kunywa kunasaidia hivyo, kwa nini kusafiri? Kwa sababu hakuna anayejua usiku wa kwanza ni nani ataacha kunywa ghafula. Kuharisha kukizidi kipimo cha kinywa, au matapiko yasipoachilia nafasi, njia pekee ni mshipa. Hilo haliwezekani nyumbani.

Fikirieni ni maji mengi kiasi gani. Mtu wa kilo 60 aliyekauka kabisa anahitaji lita 6 za seromu iitwayo Ringa Lakteti ndani ya saa 3, karibu lita 2 kati ya hizo katika nusu saa ya kwanza. Chupa moja ya nusu lita inayoning'inizwa polepole katika chumba cha nyuma cha farmasi ni sehemu ya 12 tu ya hitaji lake. Seromu ya sukari tupu, ile ya glikozi, haina chumvi anazozikosa. Familia inalipa, inaona mpira umewekwa mkononi, inatulia, na mgonjwa anakufa akiwa na seromu. Ni afadhali kupita mlango huo mkiendelea na safari, mkinywesha, hadi penye watu wanaotibu kolera.

Jambo jingine: yule baba wa mfano wetu huenda asiwekewe seromu. Kwa kuwa amefika anaweza kunywa na mshipa upo, muuguzi atampa SRO karibu lita 4 na nusu kwa saa 4, akimtazama kila mara. Ndugu zake wasikasirike wakidhani wamepuuzwa. Kwa mtu anayeweza kunywa, kinywa kinafanya kazi ileile. Asipoweza kufuata, ndipo mshipa utafunguliwa. Watoto chini ya miaka 5 hupewa pia vidonge vya zinki, siku 10. Vimalizeni hata kuharisha kukiisha.

Mkiwa mmebeba mgonjwa kwa kipoyi au kwa mtumbwi, kanuni haibadiliki. Mmoja kati yenu asiwe mbebaji. Kazi yake iwe gobele na kuhesabu alichokunywa. Akifika atamwambia muuguzi mambo manne: kuharisha kulianza saa ngapi, ni mara ngapi, amekunywa lita ngapi, alikojoa lini. Mama mwenye mimba asemwe mapema, kwa maana ukavu unaweza kumpotezea mtoto tumboni.

Na kwa makanisa yetu neno moja. Mgonjwa akiletwa usiku kanisani au nyumbani kwa mchungaji, tuombe, lakini gobele iwe mkononi na pikipiki iwe mlangoni. Maombi yanaweza kusafiri pamoja na mgonjwa. Shemasi au mama mwenye SRO mbili au tatu kabatini, anayejua ni nani mtaani ana pikipiki na barabara inapitika saa ngapi, amekwisha kufupisha usiku huo kwa saa nyingi.

Wale wanaobaki nyuma

Kinyesi na matapiko ya mgonjwa vimejaa vijidudu. Vitiwe katika ndoo yenye javeli au klorini, kisha vimwagwe chooni, mbali na kisima na ziwa. Nguo zake zisifuliwe ziwani. Kila aliyemshika aoshe mikono kwa sabuni, au kwa majivu ikiwa sabuni haipo, kabla ya kugusa chakula au chombo cha maji. Ugonjwa huweza kujitokeza baada ya saa chache tu, au hadi siku 5 tangu kijidudu kiingie. Kwa muda huo watazameni watoto wa nyumba hiyo, na SRO ibaki karibu. Akifariki mtu, msioshe maiti nyumbani. Iteni watu wa afya wawaongoze.

Usiku wa leo, kabla ya kulala, tazama kama nyumbani kwako kuna sukari, chumvi, kijiko kidogo na lita moja ya maji yaliyochemshwa. Mtu akianza kuharisha maji meupe saa nane za usiku, hutapata nafasi ya kuanza kuvitafuta.